Wastani Unaotembea na Mizani: Kuongeza Gunia Jipya Bila Kujumlisha Upya

Msimu wa korosho ukifunguka, kuanzia Oktoba, maghala ya vyama vya msingi kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa na Nachingwea hujaa watu. Mkulima analeta magunia yake, yanapanda mizani moja baada ya jingine, karani anaandika. Katikati ya shughuli hiyo kuna swali ambalo haliishi: mpaka sasa gunia moja lina wastani wa kilo ngapi? Meneja anauliza kwa sababu anataka kukisia lori litabeba magunia mangapi. Mkulima anauliza kwa sababu anataka kujua kama magunia yake yanafanana na ya wenzake. Karani aliyesoma hesabu za shule anajua jibu: jumlisha kilo zote, gawanya kwa idadi ya magunia. Tatizo ni kwamba yameshapita magunia mia nne, na kila likipanda jingine jibu linabadilika.

Kurudi mwanzo kila mara hakuna haja. Ukiwa na vitu viwili tu mkononi, yaani wastani wa sasa na idadi ya magunia yaliyopimwa, gunia jipya linaingizwa kwa hatua tatu fupi hata kama kurasa za nyuma hazipo mbele yako. Mwongozo huu ni wa hesabu hiyo, na umeandikwa kwa karani mwenye daftari, kalamu na kikokotoo cha simu. Kilo na bei nilizotumia ni za mfano, ili hesabu ifuatike.

Hesabu yenyewe, na kwa nini ni kweli

Kanuni ni hii:

```
wastani mpya = wastani wa zamani + (kilo mpya - wastani wa zamani) / idadi mpya
```

Idadi mpya maana yake ni idadi pamoja na gunia hili lililopanda sasa hivi. Kama yalishapimwa manne na hili ni la tano, unagawanya kwa tano.

Usiikariri kabla hujaielewa, maana anayekariri ndiye anayesahau kama ni nne au tano. Chukua magunia manne yenye wastani wa kilo 80. Kwa hesabu ya wastani, ni sawa na kusema yote manne yana kilo 80 kamili, hata kama kiukweli moja lina 77 na jingine 83. Sasa linakuja la tano lenye kilo 80.5. Limezidi wenzake kwa nusu kilo. Ili yote matano yawe sawa, itoe hiyo nusu kilo ya ziada uigawe kwenye magunia yote matano, pamoja na hilo lililoileta. Kila gunia linapata gramu 100. Basi wastani mpya ni kilo 80.1, na umeupata bila kujua yale manne ya mwanzo yalikuwa na kilo ngapi moja moja.

Hapo ndipo unapoona kwa nini hugawanyi kwa nne. Gunia jipya nalo limo kwenye mgao. Ukigawanya kwa nne utapata 80.125, na ukizidisha 80.125 kwa magunia matano unapata kilo 400.625 wakati mizani imepima 400.5. Zimezuka gramu 125 za korosho ambazo hakuna mti uliozizaa.

Gunia likiwa pungufu, hesabu ni ile ile, ila mwelekeo unageuka: tofauti inakuwa hasi, na kila gunia linachangia kidogo kuziba pengo la mgeni. Alama hii ya hasi ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa hiyo shika utaratibu mmoja usiobadilika: andika kilo mpya kwanza, kisha toa wastani wa zamani. Jibu likija na alama ya kutoa, iache hivyo hivyo, iende nayo mpaka mwisho.

Safu nne za daftari

Piga mistari upate safu nne: namba ya gunia, kilo, tofauti na wastani. Gunia la kwanza halina tofauti. Wastani wake ni kilo zake zenyewe. Kuanzia la pili, kila mstari unajazwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kitu pekee unachochungulia kwenye mstari wa juu ni wastani.

Tuseme magunia manane ya kwanza yamepanda hivi:

| Gunia | Kilo | Tofauti | Wastani |
|---|---|---|---|
| 1 | 79.0 | | 79.0 |
| 2 | 81.0 | 2.0 | 80.0 |
| 3 | 77.0 | -3.0 | 79.0 |
| 4 | 83.0 | 4.0 | 80.0 |
| 5 | 80.5 | 0.5 | 80.1 |
| 6 | 78.3 | -1.8 | 79.8 |
| 7 | 81.2 | 1.4 | 80.0 |
| 8 | 79.2 | -0.8 | 79.9 |

Tuufuate mstari wa sita polepole. Gunia lina kilo 78.3. Wastani wa juu yake ni 80.1. Natoa: 78.3 kutoa 80.1 ni hasi 1.8. Nagawanya kwa 6: hasi 0.3. Naongeza kwenye 80.1, ambayo ni sawa na kupunguza 0.3, napata 79.8. Mstari umekwisha, gunia linashuka, jingine linapanda.

Mzee aliyekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake akiuliza, "Mwanangu, imefika ngapi?", jibu liko tayari mkononi: "Themanini kasoro gramu mia, mjomba." Hangoji mtu akimbizane na kikokotoo.

Uhakiki wake ni kuzidisha. Wastani mara idadi ya magunia lazima urudishe jumla ya kilo. Hapa 79.9 mara 8 ni 639.2, na ukijumlisha kilo nane za safu ya pili unapata 639.2 hiyo hiyo. Fanya uhakiki huu mwisho wa kila ukurasa, si kila gunia. Ukifanya kila gunia umerudi kwenye kazi uliyokuwa unaikimbia.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini nisitunze jumla tu, kila gunia nikaongeza kilo zake, nikagawanya ninapoulizwa? Ni swali la haki, na jibu la kweli ni kwamba njia hiyo nayo ni sahihi. Kwa mtu anayeulizwa wastani jioni tu, pengine ndiyo rahisi zaidi. Ninaipendelea njia ya tofauti kwa sababu mbili. Ya kwanza, mara nyingi unapokea kazi ya mwenzako, na alichokuachia ni "magunia 411, wastani 79.6", basi. Ya pili ni ile safu ya tatu, ambayo kwa kweli ina faida kuliko wastani wenyewe.

Safu ya tofauti ndiyo mlinzi

Chukua hayo magunia 411 yenye wastani wa 79.6. Linapanda la 412, mizani inasoma kilo 71.4. Tofauti ni hasi 8.2. Ukigawanya kwa 412 unapata hasi 0.0199. Wastani mpya ni 79.5801.

Angalia kilichotokea. Gunia limepungua kilo nane na ushee, na wastani umetikisika kwa gramu 20. Anayetazama wastani peke yake hataona kitu. Magunia yakishakuwa mengi, wastani unakuwa mzito kusogea, na hilo si kosa la hesabu. Ndiyo tabia yake. Mgeni mmoja kati ya mia nne hana sauti kubwa. Lakini safu ya tofauti inapiga kelele: hasi 8.2 katikati ya tofauti za kilo moja na mbili. Hapo karani anasimamisha kazi kidogo na kulitazama gunia. Limetoboka? Limejazwa nusu nusu? Au kona moja ya gunia imegusa ukuta wakati wa kupima, uzito ukaegemea huko?

Kuna jambo jingine ambalo safu hiyo inalionyesha na ambalo ni gumu kuliona kwa njia nyingine. Kwa kawaida tofauti huchanganyika, hili limezidi, lile limepungua, bila mpangilio. Ukiona kuanzia mchana tofauti zote zimekuwa chanya, kumi, kumi na tano mfululizo, usikimbilie kusema wakulima wa mchana wana mkono mzito. Kwanza shusha kila kitu kwenye mizani uone kama inasoma sifuri. Mizani iliyosogezwa kumpisha mtu, au iliyobaki na mchanga na makapi juu ya bamba lake, inaongeza uzito ule ule kwa kila gunia. Weka jiwe la kupimia, au kitu chochote unachojua uzito wake tangu asubuhi, ulinganishe. Ikiwa mizani iko sawa, basi pengine umefika mzigo wa mtu ambaye korosho zake hazijakauka vizuri, na kipima unyevu kitasema.

Kuhusu uzito wa gunia tupu, usijisumbue kuutoa kila mara. Kama magunia yote ni ya aina moja, pima matupu kadhaa kwenye mizani ile ile, pata uzito wake wa kawaida, uutoe mara moja kwenye wastani wa mwisho. Kutoa kiasi kile kile kwa kila gunia kunaushusha wastani kwa kiasi hicho hicho, si zaidi wala si pungufu. Yakichanganyika ya katani na ya plastiki, njia hii haifai. Itabidi utoe gunia kwa gunia kabla ya kuandika kilo.

Wastani ulioganda

Hapa ndipo njia hii inapoharibikia kwa watu wengi, tena kimya kimya, kwa hiyo tukae kidogo.

Mizani ya ghala inasoma nafasi moja ya desimali, kwa hiyo karani anaona ni busara kuandika wastani kwa nafasi moja pia. Kwa magunia manane ya kwanza hapo juu hakuna tatizo. Lakini rudi kwenye gunia la 412. Wastani mpya ulikuwa 79.5801. Karani anaukadiria hadi nafasi moja, anaandika 79.6. Yaani umerudi pale pale. Linakuja jingine la kilo 76: tofauti hasi 3.6, ukigawanya kwa 413 ni hasi 0.009, unakadiria, 79.6 tena. Na jingine, na jingine. Hata yakija magunia mia mbili mfululizo yenye kilo 76, daftari litaendelea kuimba 79.6, kwa sababu kila hatua moja ni ndogo kuliko kiwango cha kukadiria na inatupwa. Kwenye gunia la 412, ili nafasi moja ya desimali isogee, tofauti inatakiwa iwe ya kilo 20 na ushee. Gunia la namna hiyo halipo, labda liwe na mawe.

Dalili yake ni rahisi kuitambua: safu ya mwisho inarudia namba moja kwa ukurasa mzima huku safu ya tofauti ikiendelea kuandika hasi, hasi, hasi. Wastani wa kweli hauwezi kutulia wakati wageni wote wanavuta upande mmoja.

Dawa yake ni kubeba desimali za ziada ndani ya daftari. Ninachofuata mimi ni hiki: hesabu tarakimu za idadi ya magunia, uziongeze kwenye nafasi za desimali za mizani. Mizani inasoma nafasi moja. Magunia ni 412, tarakimu tatu. Basi wastani uandikwe kwa nafasi nne. Kwa nafasi nne, hata tofauti ndogo kabisa ambayo mizani inaweza kuionyesha, yaani gramu 100, inaacha alama yake kwenye wastani. Unaweza kuanza na nafasi nne tangu gunia la kwanza ili usibadilishe katikati. Anayeuliza mpe jibu fupi, "sabini na tisa nukta sita", lakini daftari libaki na 79.5801. Kukadiria ni kwa ajili ya mdomo; namba inayoingia kwenye mstari unaofuata iwe ile ndefu.

Je, makosa madogo ya nafasi ya nne hayarundikani? Yanarundikana, ila kidogo sana. Hata yote yakielekea upande mmoja kwa bahati mbaya, kufikia gunia la 412 hayatazidi gramu 10 na kitu kwenye wastani, na kwa kawaida yanafutana. Ukifanya uhakiki wa jumla mwisho wa kila ukurasa na kuanza ukurasa mpya na wastani uliohakikiwa, hata hizo hutaziona.

Kosa la kweli la kuogopa ni kukosea kutoa au kugawanya. Nalo lina tabia ya ajabu kidogo. Ukikosea wastani kwa kilo moja kwenye gunia la tano, umeharibu kilo 5 za jumla, na kadiri magunia yanavyoongezeka kosa hilo linazidi kufifia ndani ya wastani. Ukikosea kwa kilo ile ile moja kwenye gunia la 400, umeharibu kilo 400. Kwa hiyo umakini unatakiwa uongezeke jioni, wakati ambapo kwa ubinadamu wetu ndipo unapopungua.

Kurekebisha bila kufungua kurasa za nyuma

Kesho yake inagundulika kwamba gunia fulani liliandikwa 97.1, na lilikuwa 79.1, tarakimu zilibadilishana nafasi. Mtu mwenye haraka atataka kuanza upya kuanzia gunia lile. Hakuna haja. Magunia bado ni 412, kilichobadilika ni kilo za moja tu:

```
wastani sahihi = wastani wa sasa + (kilo sahihi - kilo za makosa) / idadi ya sasa
```

79.1 kutoa 97.1 ni hasi 18. Gawanya kwa 412: hasi 0.0437. Kutoka 79.5801 unashuka hadi 79.5364. Andika marekebisho hayo kwenye mstari wake, kwa maneno, na sahihi. Usifute lolote kwenye mistari ya zamani. Wastani wa kati, kati ya gunia lile lililokosewa na hili la mwisho, utabaki na kosa, lakini hakuna anayelipwa kwa wastani wa kati.

Kuondoa gunia ni suala jingine, kwa sababu idadi nayo inapungua. Tuseme lile la kilo 71.4 limekataliwa na mwenyewe amelirudisha nyumbani kukausha upya:

```
wastani bila hilo = wastani wa sasa - (kilo zake - wastani wa sasa) / (idadi ya sasa - 1)
```

Tuache kando marekebisho ya 97.1, turudi kwenye 79.5801. Kilo zake kutoa wastani: 71.4 kutoa 79.5801 ni hasi 8.1801. Gawanya kwa 411, si 412, maana ukishalitoa yanabaki 411: hasi 0.0199. Kutoa hasi ni kuongeza, kwa hiyo 79.5801 inakuwa 79.6000. Tumerudi kamili pale tulipokuwa kabla halijapanda, na ndivyo inavyotakiwa. Ukitaka kujipima kama umeielewa kanuni, ingiza gunia lolote kisha ulitoe. Usiporudi ulikotoka, kuna alama ya kutoa imedondoka njiani.

Mizigo isiyolingana: bei ya mnada

Mpaka hapa kila gunia lilikuwa na haki sawa. Kwenye bei mambo si hivyo. Chama kinapeleka korosho mnadani kwa awamu, kila mnada na kilo zake na bei yake, na mwanachama anataka kujua bei ya wastani kwa kilo tangu msimu uanze. Ukijumlisha bei za minada minne na kugawanya kwa nne umeupa mnada wa tani 8 sauti sawa na mnada wa tani 30.

Kanuni ni ile ile, ila badala ya kugawanya tofauti kwa idadi, unaizidisha kwa sehemu ambayo mzigo mpya unachukua katika mzigo wote:

```
wastani mpya = wastani wa zamani + (bei mpya - wastani wa zamani) x kilo mpya / kilo zote
```

Kilo zote ni pamoja na hizi mpya. Hii kwa kweli ndiyo kanuni mama. Magunia yakihesabiwa moja moja, mgeni ni mmoja kati ya wote, na unarudi kwenye ile ya mwanzo.

Mnada wa kwanza, kilo 12,000 kwa shilingi 3,800. Wastani ni 3,800. Mnada wa pili, kilo 8,000 kwa 3,900. Kilo zote sasa ni 20,000, tofauti ni 100. Mara 8,000 gawanya kwa 20,000 ni 40, kwa hiyo wastani ni 3,840. Mnada wa tatu mzigo ni mkubwa, kilo 30,000, bei imeteremka hadi 3,640. Kilo zote 50,000, tofauti hasi 200. Mzigo mpya ni sehemu tatu kati ya tano, basi wastani unashuka 120, unakuwa 3,720. Mnada wa nne, kilo 10,000 kwa 3,420. Kilo zote 60,000, tofauti hasi 300, sehemu yake moja kati ya sita, unashuka 50. Wastani wa msimu ni shilingi 3,670.

Anayejumlisha bei nne na kugawanya kwa nne atapata 3,690. Shilingi 20 tu juu, mtu anaweza kusema si kitu. Zidisha kwa kilo 60,000: ni shilingi milioni 1 na laki 2 ambazo hazikuingia kwenye akaunti ya chama. Ukizitangaza kwenye mkutano mkuu jiandae, kuna atakayeuliza ziko wapi. Na useme wazi kwamba 3,670 ni bei kabla ya makato. Ukichanganya na baada ya makato utaonekana muongo bila kosa la hesabu.

Kanuni hii hii ndiyo ya kuunganisha mizani mbili. Siku za msongamano ghala linapima kwenye milango miwili. Mlango wa kwanza una magunia 260, wastani 79.5. Wa pili una 140, wastani 80.5. Chukua wa kwanza kama wastani wa zamani na mlango wa pili wote kama mzigo mmoja mpya: tofauti ni 1.0, mara 140 gawanya kwa 400, ni 0.35. Wastani wa ghala ni 79.85. Kuchukua katikati ya 79.5 na 80.5 kungekupa 80, na ukizidisha kwa magunia 400 daftari lingedai kilo 60 zaidi ya zilizomo ghalani. Ndiyo maana karani anayekabidhi zamu lazima aandike wastani na idadi pamoja. Wastani peke yake, bila kujua ni wa magunia mangapi, hauunganiki na kitu chochote.

Kwenye kompyuta

Kwenye Excel safu zinabaki zile zile nne. Safu A ni namba ya gunia, B kilo, C tofauti, D wastani. Mstari wa kwanza uwe wa vichwa. Kwenye D2 andika `=B2`, kisha kwenye C3 na D3 andika hizi mbili, uziburute kwenda chini:

```
C3:  =IF(B3="","",B3-D2)
D3:  =IF(B3="","",D2+C3/A3)
```

Sehemu ya `IF` si urembo. Bila hiyo, seli tupu ya kilo inasomwa kama sifuri, kompyuta inaamini limepanda gunia la kilo sifuri, na wastani unaanza kuporomoka mistari yote ya chini ambayo hujaijaza. Ikiwa umeruka mstari katikati, mstari unaofuata utaonyesha `#VALUE!`. Usiudhike nao, unakwambia kuna gunia halijaandikwa.

Tatizo la wastani kuganda huku halipo, kwa sababu Excel inabeba desimali nyingi ndani hata ukiiambia ionyeshe moja tu. Ila usitumie `ROUND` ndani ya safu D. Ukiiweka umelirudisha lile tatizo la daftari kwa mkono wako mwenyewe, na safari hii ukurasa utaonekana nadhifu kuliko wa kalamu.